Wati 676 tu, kwa nini inverta ya wati 1500 inazima?

"Fundi, nina inverta ya wati 1500, kasha lake limeandikwa 'peak 3000W', na betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, iko mwaka wa pili. Nimejumlisha vitu vyangu: friji 150, runinga 90, taa sita za LED za wati 9 kila moja, ruta 12, na pampu ya maji ya nusu hospawa, yaani 370. Jumla ni 676. Lakini pampu ikiwashwa inverta inalia na kuzima. Mara nyingine, betri ikiwa imetoka kuchajiwa, inaipokea bila shida. Halafu tukianza kuitumia saa kumi na mbili jioni, ikifika saa saba usiku giza. Kibao cha pampu kinasema 0.37 kW, 2.8 A; cha friji 150 W, 0.9 A. Je, inverta ni mbovu? Au ninunue jenereta ya 2 kVA niachane nayo?"

Ndugu yangu, kwa dalili ulizoeleza sioni sababu ya kuituhumu inverta, na usiiuze bado. Kujumlisha umejumlisha sawa, ila namba mojawapo si ya aina moja na nyingine. Pia hiyo jumla moja umeitaka ijibu maswali matatu: inverta inabeba nini mfululizo, inabeba nini pale mota inapoanza, na betri inadumu saa ngapi. Kila swali lina hesabu yake.

Tuanze na ile namba ya pampu. Kwenye friji, wati 150 ni umeme ambao friji inauvuta. Kwenye pampu, nusu hospawa, au 0.37 kW, ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota kwenda kusukuma maji. Mota ndogo hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto, kwa hiyo ili itoe 370 ni lazima ivute zaidi ya hapo. Kinachokuambia ukweli kwenye kibao ni ampea. Zidisha 2.8 kwa volti 230, upate VA 644. Wati zake halisi zitakuwa chini kidogo ya hapo. Kwa pampu ya ukubwa huu tuchukue 560. Fanya vivyo hivyo kwa friji: 0.9 mara 230 ni VA 207, si 150. Tofauti ya VA na wati inatokana na jinsi mota inavyovuta mkondo ambao sehemu yake haifanyi kazi yoyote, ila waya na inverta lazima viubebe. Ndiyo maana unapopima uwezo wa inverta au jenereta, tumia VA, na unapohesabu chaji ya betri, tumia wati.

Sasa mzigo wa mfululizo ni 644 na 207, ongeza runinga 90, taa 54 na ruta 12. Inafika kama VA 1007. Inverta ya 1500 inaubeba huo vizuri. Ukizidi robo tatu hadi asilimia 80 ya uwezo wake kwa saa nyingi, feni haipumziki na joto linaanza kuila, lakini wewe hujafika huko. Hakikisha tu kwamba 1500 iliyoandikwa ni wati na si VA, kwa sababu inverta ya VA 1500 mara nyingi hutoa wati 1200 hivi.

Shida yako ya kwanza iko kwenye ile sekunde moja ya kuanza. Mota iliyosimama haina kitu cha kuzuia mkondo isipokuwa waya wa koili yake. Ikishaanza kuzunguka, mzunguko wenyewe huzalisha volti inayopinga ile inayoingia, na hapo ndipo mkondo unashuka hadi zile ampea za kwenye kibao. Kabla ya hapo, pampu ndogo kama yako huvuta mara nne hadi sita ya ampea zake za kawaida. Tuchukue tano. Mara tano ya 2.8 ni ampea 14, na 14 kwa volti 230 ni VA 3220. Ongeza vilivyokwisha kuwaka, yaani friji, runinga, taa na ruta, VA 363. Unaitaka inverta ikupe karibu VA 3600, wakati yenyewe imeahidi 3000, tena kwa muda mfupi sana. Baadhi ya inverta nyepesi zisizo na transfoma kubwa hushikilia kilele hicho kwa sehemu ya sekunde tu, na pampu yenye maji kwenye bomba inaweza kutaka zaidi ya hapo.

Kanuni ya kuhesabu kilele ni hii: chukua mzigo wote unaoendelea, kisha uongeze mwanzo wa mota moja iliyo kubwa kuliko zote. Huhitaji kujumlisha mianzo ya mota zote, kwa kuwa kwa kawaida hazianzi katika sekunde moja. Lakini upo wakati mmoja zinapoanza pamoja, nao husahaulika: umeme unapokatika na kurudi, au jenereta inapowashwa huku swichi zote zimewashwa. Friji na pampu huamka kwa pamoja. Tena friji iliyozimwa ghafla bado ina presha ya gesi upande mmoja wa kompresa, na ikiamshwa kabla ya dakika tatu hadi tano presha haijalingana. Kompresa itasukuma, itashindwa kuzunguka, itavuta mkondo wa kuanzia bila kushuka, kisha utasikia "tik" ya kinga yake ikikata. Ule mlio ukirudiwa kila baada ya dakika chache, kompresa inaumia. Kile kifaa cha kukinga friji kinachochelewesha umeme dakika hizo tatu hadi tano kinamaliza tatizo hili, na kinazuia friji na pampu kugongana.

Utauliza basi, kama hesabu inapita uwezo, mbona mara nyingine pampu inaondoka? Dalili hiyo umefanya vizuri sana kuitaja. Inverta hukata kwa sababu mbili tofauti, na mlio wake unaweza kufanana. Ya kwanza ni kuzidiwa upande wa volti 230, kama tulivyohesabu. Ya pili ni volti ya betri kuporomoka. Ili kutoa wati 3000 kutoka kwenye volti 12, inverta lazima ivute zaidi ya ampea 250 kwenye betri. Kwa mkondo huo, kila kitu kilichoko njiani kinahesabika. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, hula zaidi ya volti 1 peke yake. Betri yako ikiwa kwenye 12.6 ikashuka hadi 11.3 kwa mzigo, inverta inaona 10.2, na inverta nyingi za volti 12 hukata kati ya 10 na 10.5. Waya wa milimita 50 za mraba kwa urefu uleule ungekula kama theluthi moja ya volti. Betri iliyojaa ina nafasi ya kushuka, iliyopungua haina. Hilo linaelekea kufanana na unachokiona.

Unaweza kutofautisha sababu hizo mbili mwenyewe. Chukua multimita yenye kitufe cha MIN/MAX, iweke kwenye volti za DC, bonyeza kitufe hicho, kisha gusisha ncha zake kwenye vichwa vya risasi vya betri, si kwenye kibanio cha waya. Mwambie mtu awashe pampu. Soma volti ya chini kabisa iliyorekodiwa. Rudia ukiwa umegusa sehemu waya zinapoingia kwenye inverta. Ikiwa betri ilibaki kwenye 11.8 na inverta ikapata 10.3, wizi uko kwenye waya, kibanio kilicholegea au kichwa chenye ukungu mweupe. Ikiwa vyote viwili vimeshuka pamoja, betri imechoka au haijajaa. Na ikiwa vyote vimebaki juu ya 11.5 lakini inverta imekata, basi umezidi kilele chake, na hakuna waya utakaokusaidia. Multimita ya bei nafuu husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo rudia mara nne au tano na uchukue kipimo cha chini kuliko vyote. Ukifanya haya, vua pete na saa ya chuma. Volti 12 haikurushi, lakini pete ikiunganisha vichwa viwili vya betri inaweza kuunguza kidole hadi mfupa.

Sasa usiku. Hapa wati hazitoshi, lazima uzizidishe kwa saa. Friji ndiyo inayowapotosha watu wengi, kwa sababu haifanyi kazi muda wote. Kompresa huwaka na kuzima. Katika chumba chenye joto la kawaida, chukua asilimia 40 ya muda kama makadirio. Ukitaka uhakika, mita ya kuchomeka kwenye soketi iachwe saa 24, au soma lebo ya matumizi ya mwaka, gawanya kwa 365, kisha ongeza kama chumba ni cha joto au mlango unafunguliwa sana. Jihadhari na jambo moja: kwenye friji isiyogandisha barafu, wati kubwa za kwenye kibao huweza kuwa za hita ya kuyeyushia, si za kompresa.

Tuseme kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Friji: 150 kwa 0.4 kwa saa 12 ni Wh 720. Runinga kwa saa 4 ni 360. Taa zote kwa saa 5 ni 270. Ruta usiku kucha ni 144. Pampu ikifanya kazi nusu saa, 560 kwa 0.5 ni 280. Jumla Wh 1774. Inverta yenyewe hupoteza. Tukichukua kwamba inatoa asilimia 88 ya inachopokea, betri inatakiwa kutoa kama 2016. Na hata bila mzigo wowote, inverta ikiwa imewashwa tu hula wati zake, tuseme 15, hivyo kwa saa 12 ni nyingine 180. Tumefika karibu Wh 2200.

Betri yako ni 12 kwa 200, yaani 2400. Kwa kuangalia juu juu inatosha. Lakini betri ya asidi haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu kila siku kama unataka idumu, kwa hiyo ya kutumia kwa amani ni 1200. Vilevile zile ampea-saa 200 kwa kawaida hupimwa kwa kutolewa polepole kwa saa 20, ampea 10 kwa wakati. Ukivuta ampea 50 au 60 kwa ajili ya pampu, betri inakupa pungufu ya ilichoahidi. Upungufu wako kwa usiku mmoja, basi, ni karibu Wh 1000.

Na saa yako saba inatuambia jambo la ziada. Kwa hesabu ileile, hadi saa tano usiku umeshatoa kama 1520 kwenye betri, maana runinga, taa na pampu zote ziko katika saa hizo tano za mwanzo. Kuanzia hapo imebaki friji na ruta, na mvuto unashuka hadi kama wati 100 kwa wastani. Saa mbili baadaye, saa saba, umefika takriban 1700. Betri mpya ya 2400 ingekuwa bado ina kitu. Kama matumizi yako yanafanana na haya, betri imebaki na kama asilimia 70 ya uwezo wake, jambo linalotarajiwa kabisa kwa betri ya asidi inayomalizwa kila usiku kwa mwaka mzima na zaidi. Huenda pia ina kidogo zaidi ya hapo ila kompresa ikianza inaivuta volti chini ya kikomo na inverta inakata mapema. Kwa vyovyote, ikiendelea kushushwa hivi, saa saba itakuwa saa sita, kisha saa tano.

Kwa hiyo ufanye nini? Ningeanza kwa kuiondoa pampu kwenye inverta. Kama una tanki la juu au unaweza kuliweka, vuta maji wakati umeme wa kawaida upo, na usiku maji yashuke yenyewe. Kilele chako kinashuka kutoka 3600 hadi mwanzo wa friji pekee: hata tukikadiria kwa ukali, mara nane ya VA 207 ni kama 1650, na vingine vyote 156. Inverta yako yenye kilele cha 3000 haitashtuka. Matumizi ya usiku nayo yanapungua kwa zaidi ya Wh 300 ukihesabu na upotevu. Betri bado itahitaji mwenzake, na hapo nikutahadharishe usiunganishe betri mpya na hiyo ya mwaka wa pili. Ile ya zamani itaivuta mpya chini. Betri mbili mpya zinazofanana, zikiunganishwa sambamba kwenye volti 12, zinakupa 2400 za kutumia kwa nusu, na usiku wako wa karibu 1900 unaingia humo.

Kama pampu ni lazima iwe kwenye inverta, basi inverta yenye transfoma nzito ya VA 3000 au zaidi, kwenye volti 24 badala ya 12, ndiyo njia ya kweli. Volti ikiongezeka maradufu, ampea kwenye waya zinakuwa nusu na upotevu wa waya unapungua sana. Njia nyingine ni pampu yenye kidhibiti cha mwendo kilichojengwa ndani, inayoanza taratibu. Sikushauri ununue kifaa cha kulainisha mwanzo na kukifunga kwenye pampu hii uliyonayo bila kumwuliza aliyeitengeneza: mota ya fezi moja yenye kapasita ikipewa volti ndogo hupoteza nguvu ya kuanzia haraka mno, kwani volti ikishuka hadi asilimia 70, nguvu ya kuzungusha inabaki kama nusu. Pampu inaguna bila kuzunguka, na koili zinaungua. Kabla ya yote hayo, mwambie fundi apime hiyo kapasita ya pampu. Ikiwa imepungua, mota huchelewa kuondoka na ule mkondo mkubwa unadumu muda mrefu zaidi, na hilo ni tatizo dogo la kubadilisha kipuri kimoja.

Jenereta ya 2 kVA je? Kwa kawaida 2 kVA ni wati 1600, na angalia kama namba kubwa ya kwenye kasha ni ya mfululizo au ya juu kabisa. Nunua kwa ile ya mfululizo. Jenereta haikati kama inverta, bali huzama: injini inapunguza kasi, volti inashuka, taa zinafifia, na pampu ama inaondoka kwa shida ama inang'ang'ana. Kwa pampu peke yake, 2 kVA yenye kidhibiti cha volti huenda ikafaulu. Pampu ikianza wakati kompresa ya friji inazunguka, sitaiamini. Ningekwenda 3 hadi 3.5 kVA, na zaidi kama uko mahali pa mwinuko, kwa sababu injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 kutoka usawa wa bahari. Kwenye mita 1500, jenereta ya wati 1600 imekuwa ya 1360. Washa pampu kwanza, isubiri itulie, kisha friji, kisha vingine.

Na usisahau mzigo mmoja usio kwenye orodha yako: inverta nyingi zina chaja ndani, na jenereta ikiwaka, chaja hiyo nayo ni mteja. Ikichaji kwa ampea 30 kwenye volti 14.4 inaipa betri wati 432, na kwa upotevu wake inavuta kama 500 kwenye jenereta. Watu hushangaa jenereta inazidiwa "bila sababu" kumbe ni betri inakunywa. Kuiendesha jenereta usiku kucha kwa ajili ya friji na ruta ni kuchoma mafuta bure. Itumie saa moja au mbili kwa pampu na kuchaji, inverta ichukue usiku.

Vipimo vya volti na hesabu hizi unaweza kufanya mwenyewe. Kubadilisha waya za betri, kuweka fyuzi ya DC karibu na betri, na kuunganisha jenereta kwenye nyaya za nyumba mwachie fundi umeme mwenye leseni. Jenereta iingie kwa swichi ya kubadilishia tu, kamwe si kwa waya wenye plagi pande mbili, kwa kuwa umeme hurudi kwenye laini na kumwua anayeitengeneza. Ikae nje, mbali na milango na madirisha, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Na ukiona waya wa betri una joto la kushindwa kushikika, betri imevimba, au kuna harufu ya mayai yaliyooza, usiendelee kupima. Zima inverta na chaja, fungua madirisha, mwite fundi siku hiyohiyo. Mwandikie kwenye karatasi ampea za kila kibao, volti za chini ulizozisoma kwenye betri na kwenye inverta, urefu na unene wa waya, na saa ambayo umeme huzima.